Skeli ya grafu si mizani

Juzi tena, hapa Chake Chake, nimesikia mtu mzima akimwambia mwanafunzi "chagua mizani nzuri ya grafu". Mizani ninayoijua mimi ni ile ya kupimia karafuu.

Skeli ni makubaliano: sentimita 1 ya karatasi inasimama badala ya kiasi gani cha kitu ulichopima. Basi. Kilichowapoteza watafsiri ni kwamba Kiingereza kina maneno mawili yanayoandikwa na kutamkwa sawa. Moja limetoka lugha ya kale ya Skandinavia, asili yake bakuli, yaani kile kisahani cha mizani. Jingine limetoka Kilatini, skala, maana yake ngazi. La grafu ni hili la pili. Na ngazi ina sharti moja: vipago vyake vimeachana sawasawa.

Mpwa wangu alisahau sharti hilo. Alifunga jiwe kwenye uzi, akalibembeza, akapima muda wa kwenda na kurudi kwa urefu wa sentimita 20, 30, 50, 80 na 100. Kisha akaziandika namba hizohizo kwenye mhimili wa chini, kila moja sentimita 4 kutoka mwenzake. Mraba wa muda ukichorwa dhidi ya urefu hutoa mstari ulionyooka, wake ulipinda. Kabla ya kulilaumu jiwe, toa kila namba ya mhimili kutoka kwa inayofuata. Kwake ilikuwa 10, kisha 20, kisha 30. Ngazi ya namna hiyo huipandi.

Tukaanza upya. Karatasi yake ina sentimita 18 kwa 24. Urefu unaishia 100. Ukigawa kwa 18 unapata 5.6 hivi, na hapo unapandisha, hushushi, maana ukishusha nukta ya mwisho itaangukia mezani. Namba nyepesi inayofuata ni 10, lakini hiyo ingetumia sentimita 10 tu na kuacha 8 tupu. Tukailaza karatasi. Sasa 100 kwa 24 ni 4.2, tukachukua 5, ukaenea sentimita 20. Mraba wa muda ulifika 4.0, kwa 18 ni 0.22, tukachukua 0.25, ukapanda sentimita 16. Kijumba kidogo cha milimita 2 kikawa 0.05 kamili.

Akauliza, "Ami, si tungechukua 0.23 karatasi ijae zaidi?" Ingejaa, ila kila kijumba kingekuwa 0.046, na nukta ya 1.2 ungeitafuta mpaka Magharibi. Mtahini haulizi karatasi imejaa kiasi gani. Akiona nukta zimepita nusu ya kila upande huwa ameridhika.

Ameshaichora. Pembeni kaandika "Mizani: sm 1 kwa 5". Nimefuta neno moja tu, kwa penseli.