Mbili au tatu? Kusoma mwaka uliolika kwenye jiwe la kaburi

Jiwe la kichwani lilikuwa la chokaa, limeota ukungu mweusi. Mwaka wa Hijria ulisomeka moja, tatu, kisha tarakimu iliyolika, kisha moja. Iliyolika ilikuwa ama mbili ama tatu. Kwa tarakimu za Kiarabu, mbili ina bonde moja juu, tatu ina mabonde mawili, na kingo za mabonde hayo ndizo huliwa mapema na mvua. Ukiwa 1321, marehemu alifariki mwaka 1903 au 1904. Ukiwa 1331, ni 1912 au 1913. Kwenye shajara ya ukoo, tofauti hiyo yatosha kumfanya mtu aonekane amefariki kabla mwanawe hajazaliwa.

Wengi wakifika hapo hupaka chaki. Nawasihi msifanye hivyo. Chaki huingia kwenye vinyweleo vya jiwe, na mkono hujaza kile ambacho jicho limeshakiamua, kwa hiyo unauchora mwaka badala ya kuusoma. Brashi ya waya nayo hung'oa ngozi ya jiwe pamoja na herufi. Mimi hugonga kwanza taratibu kwa kidole. Mlio ukiwa wa kitu chenye uwazi ndani, ngozi imeshaachana na jiwe, na hapo hata brashi laini siigusishi.

Kinachonisaidia ni mwanga wa ubavuni. Naweka kamera kwenye miguu mitatu isitikisike, nalitia jiwe kivuli kwa shuka, kisha naishika tochi ikiwa karibu kulala sambamba na uso wa jiwe. Napiga picha nne: mwanga kutoka kushoto, kulia, juu na chini. Lazima ziwe nne kwa sababu mchoro unaofuata uelekeo wa mwanga hautoi kivuli, hupotea kabisa. Mwanga wa juu ulinionyesha bonde moja. Wa kushoto ukatoa la pili, la kina kifupi, lakini lenye mkato safi unaokoma mahali pake. Ufa wa kawaida ungevuka tarakimu na kuendelea. Nikaandika 1331, nikaweka alama ya kuuliza juu ya ile tatu, na picha zote nne nikazihifadhi ili mwingine aweze kunipinga.

Nilikuwa na ruhusa ya msimamizi wa makaburi. Hata hivyo, nilipogeukia kaburi la pembeni, bibi mmoja aliyekuja kuzuru aliniita.

“Mwanangu, hilo la mama yangu usilipige picha.”

“Shikamoo bibi. Silipigi. Naomba tu nipime urefu wa jiwe na umbo lake.”

“Marahaba. Umbo pima. Jina liache.”

Nikapima. Kwenye fomu, sehemu ya maandishi sikuiacha tupu, maana atakayefuata angedhani jiwe halina neno. Niliandika: “Maandishi yapo, hayakunakiliwa kwa ombi la familia.”