Ukigusa popote linafunguka tangazo: mguso wako unachukuliwa wapi, na namna ya kulizuia

Wengi wanaoniletea simu yenye tatizo hili wameshaambiwa kwamba ina virusi na dawa yake ni kuifomati. Baadhi wameshaifomati, picha zikapotea, na jioni ileile matangazo yakarudi. Yalirudi kwa sababu hayakuwa ndani ya simu. Mara nyingi yamo ndani ya ukurasa wenyewe unaoufungua.

Nichukulie mfano wa kijana mmoja aliyekuja na simu ya Android. Hutazama mechi kwenye tovuti ya bure, kwa Chrome. Akigusa kitufe cha kucheza, linafunguka tangazo la kubeti. Akirudi na kugusa tena, video inacheza. Baada ya muda anagusa sehemu tupu ya ukurasa, mahali pasipo na kitufe wala kiungo, na unafunguka ukurasa unaodai simu yake imeharibika. Yeye aliona hakuna mpangilio wowote. Mpangilio upo.

Vivinjari vya leo havikubali ukurasa ujifungulie dirisha jipya kiholela. Vinakubali pale tu mtumiaji anapogusa, kwa kudhani ndiye aliyetaka. Kwenye Chrome ruhusa hiyo hudumu sekunde chache tu baada ya mguso, na dirisha moja likishafunguka, imetumika. Kwa hiyo mwenye matangazo hana haja ya kuvunja chochote. Anaweka skripti, yaani maagizo mafupi ndani ya ukurasa, inayosubiri mguso wako wa kwanza, popote utakapotua:

```js
document.addEventListener('click', function () {
  window.open('https://tangazo.example/', '_blank');
}, true);
```

Hilo neno `true` la mwishoni ndilo linaloipa skripti nafasi ya kuupokea mguso kabla haujafika kwenye kitufe ulichokilenga. Tovuti nyingine hutandaza tabaka lisiloonekana juu ya ukurasa mzima, na hapo kitufe hakipati kabisa mguso wa kwanza. Ndiyo maana kijana yule alilazimika kugusa mara ya pili.

Na kwa nini tangazo halitokei kila mara? Skripti ikishafungua dirisha, huandika saa kwenye kidaftari kidogo ambacho kivinjari huitunzia kila tovuti, kisha hutulia mpaka muda uliopangwa upite. Hapo ndipo watu hudanganyika. Mtu anafuta programu fulani, anaona kimya, anaamini amepata mchawi wake. Kumbe skripti ilikuwa imepumzika.

Kabla ya kubadilisha mpangilio wowote, tafuta kwanza chanzo. Kwenye simu ya kijana tulifungua Wikipedia na kugusa sehemu tupu mara kadhaa: hakuna kitu. Tukafungua tovuti ya mechi, tukagusa sehemu tupu: tangazo. Tukagusa tena: kimya. Tukaifungua tovuti hiyohiyo katika hali fiche, ambako kile kidaftari huanza upya: mguso wa kwanza, tangazo. Mwisho tukaizimia tovuti hiyo JavaScript, lugha ambayo skripti hizo huandikwa kwayo. Kwenye Chrome unagusa nukta tatu, Settings, Site settings, JavaScript, kisha unaongeza anwani ya tovuti. Tangazo likakoma papo hapo, na video nayo ikakataa kucheza, maana inategemea JavaScript vilevile. Kwa tovuti ya kusoma habari, kuzima hivyo kunaweza kutosha. Kwa video haitoshi, lakini tulikuwa tumepata jibu: chanzo ni ukurasa.

Majaribio hayo yangeweza kutoa jibu tofauti. Tangazo likitokea hata kwenye Wikipedia, au likifunguka lenyewe simu ikiwa mezani, shaka iende kwenye programu uliyoweka karibuni. Mara tu tangazo linapotokea, bonyeza kitufe cha programu za karibuni uone ni programu gani imelileta. Angalia pia ruhusa inayoitwa Display over other apps, uone nani amepewa. Tochi au kisafishaji cha simu hakina sababu ya kuwa nayo, kiondoe.

Sasa kuzuia. Watu hukimbilia Pop-ups and redirects ndani ya Site settings. Hakikisha imezuiwa, ila usiitegemee kwa tatizo hili, kwa sababu inazuia madirisha yanayofunguka bila mguso, na hili letu limetumia mguso wako.

Kinachosaidia ni kuizuia skripti isifike kwenye simu. Njia nyepesi, kwa Android 9 na kuendelea, ni Private DNS, mpangilio wa kuchagua nani ataijibu simu inapouliza anwani ya seva. Upo ndani ya mipangilio ya mtandao. Kwenye simu nyingine ni rahisi kuutafuta kwa jina. Chagua kuandika jina la mtoa huduma, kisha weka:

```
dns.adguard-dns.com
```

Tangu hapo, kivinjari kinapouliza anwani ya seva ya matangazo inayojulikana, hakipewi. Huna programu ya kuweka, na inafanya kazi kwa bando na kwa Wi-Fi. Andika kwa uangalifu, maana herufi moja ikikosewa intaneti yote inakatika. Na ukifika hotelini ukurasa wa kuingilia Wi-Fi ukakataa kufunguka, rudisha Automatic kwa muda. Kama hakuna kilichobadilika, angalia ndani ya Chrome, Privacy and security, Use secure DNS: pakiwa pamechaguliwa mtoa huduma mwingine, Chrome inapita njia yake na kuiacha ya simu.

Kwa kijana yule Private DNS ilipunguza, haikumaliza. DNS huona jina la seva tu. Tovuti ikiihifadhi skripti kwenye anwani yake yenyewe, huwezi kuifungia skripti bila kuifungia tovuti nzima. Hapo panahitajika kizuizi kinachokaa ndani ya kivinjari na kuuona ukurasa wenyewe. Chrome ya Android haipokei viendelezi, yaani programu ndogo za kukiongezea kivinjari uwezo, kwa hiyo tuliweka Firefox, tukaingia kwenye menyu yake ya viendelezi na kuongeza uBlock Origin. Mguso wa kwanza ukacheza video. Tovuti za namna hii hubadilisha skripti zao mara kwa mara, hivyo siku moja tangazo linaweza kupenya tena mpaka orodha za kizuizi zisasishwe. Kwenye iPhone Firefox haitafaa kwa jambo hili. Baki na Safari, washa Block Pop-ups, na uweke kizuizi cha maudhui kama AdGuard.

Kuna mabaki ambayo kizuizi hakiyaondoi. Kijana alikuwa ameshagusa Allow kwenye moja ya kurasa zile, na arifa za ushindi wa bandia zikaendelea kuingia hata Chrome ikiwa imefungwa. Tulizifuta kwenye Site settings, Notifications, kwa kuondoa kila tovuti ambayo hakuitambua. Kisha nikamwomba aangalie salio lake la siku zile. Baadhi ya kurasa hizi humsajili mtu kwenye huduma za kulipia kupitia laini yake, hasa akiwa anatumia bando la simu badala ya Wi-Fi. Ukiona salio linakatwa bila maelezo, pigia mtandao wako uombe orodha ya huduma ulizosajiliwa, na ujitoe humohumo, si kupitia kiungo kilichoko kwenye tangazo.