Kinachofanya Kazi Katika Waya wa Litzi Si Ukubwa wa Uso

Wiki iliyopita nililetewa tena koili yenye waya saba wa enameli, kila mmoja wa kipenyo cha milimita 0.2, zilizolazwa sambamba na kuunganishwa pamoja kwenye ncha zote mbili, kwa kuigiza waya wa litzi, yaani fungu la nyuzi nyembamba za shaba zilizotengwa kwa enameli na kusokotwa pamoja. Fundi aliyeisuka alikuwa ameifanya kazi kwa mikono safi kabisa, na maelezo yake yalikuwa yaleyale ninayoyasikia kila mara: mkondo wa masafa ya redio hupita juu ya uso wa waya, waya nyingi nyembamba zina uso mkubwa kuliko waya mmoja mnene, kwa hiyo ukinzani hupungua. Alishangaa kwa nini koili yake haikuishinda ya waya mmoja. Mimi sikushangaa. Nimechoka kulieleza jambo hili kwa mdomo, kwa hiyo safari hii naliandika.

Athari ya ngozi yenyewe nitaipitia haraka. Mkondo unaobadilika huzaa uga wa sumaku ndani ya waya wenyewe, na uga huo huzaa volti inayoupinga mkondo. Katikati ya waya upinzani huo ni mkubwa kuliko pembeni, kwa sababu njia ya katikati imezungukwa na uga wote, ule ulio ndani ya shaba na ule ulio nje yake. Mkondo basi huhamia pembeni. Kipimo cha uhamaji huo ni kina cha ngozi, ambacho kwa shaba ni takriban milimita 9.3 kwenye hezi 50, milimita 0.21 kwenye kilohezi 100, na milimita 0.066 kwenye megahezi 1. Tafadhali usikichukulie kama ukuta ambao mkondo hauvuki. Mkondo hufifia polepole kuelekea ndani, na kina cha ngozi ni mahali ambapo umebaki na takriban asilimia 37 ya nguvu uliyokuwa nayo usoni.

Sasa tuihesabu hoja ya uso kwa mfano mmoja. Chukua waya mmoja wa milimita 0.5, kisha uulinganishe na fungu la nyuzi 165 za milimita 0.04. Kiasi cha shaba ni karibu sawa. Mzingo wa waya mmoja ni milimita 1.57, ilhali ukijumlisha mizingo ya nyuzi zote 165 unapata karibu milimita 20.7, yaani mara 13. Kama hoja ya uso ingekuwa kweli, tungetarajia ukinzani ushuke mara 13 kwenye megahezi 1. Lakini waya wa milimita 0.5 ukiwa umenyooka na uko peke yake, ukinzani wake kwenye masafa hayo ni takriban mara 2.2 tu ya ule wa mkondo mnyoofu. Hakuna mpangilio wowote wa nyuzi utakaoushusha chini ya ukinzani wa mkondo mnyoofu wa shaba hiyohiyo. Faida kubwa kabisa inayowezekana kwa waya ulionyooka ni mara 2.2, basi. Zile mara 13 hazina pa kutokea.

Hapo ndipo ninapojibiwa kwamba enameli huzitenga nyuzi, kwa hiyo kila uzi una ngozi yake. Jibu hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu linakaribia ukweli na kuukosa. Enameli huuzuia mkondo usiruke kutoka uzi mmoja kwenda mwingine, lakini haiuzuii uga wa sumaku hata kidogo. Uga hupita kwenye enameli kana kwamba haipo. Nyuzi zikiwa zimelazwa sambamba na kuunganishwa kwenye ncha, uzi wa katikati unakumbana na upinzani uleule ambao katikati ya waya mnene inakumbana nao, na mkondo hauhitaji kuruka popote: hujigawa pale kwenye ncha, ukazipendelea nyuzi za nje tangu mwanzo.

Rudi kwenye zile waya saba, na tuseme sita zimeuzunguka mmoja. Kwa mkondo mnyoofu kila waya hubeba sehemu moja ya saba, na ukiukata ule wa katikati ukinzani hupanda kwa karibu asilimia 17. Nikizihesabu waya hizo kwenye kilohezi 300, nikichukulia kwamba mkondo umesambaa sawasawa ndani ya kila waya, waya wa katikati una mkondo unaokaribia ule wa wenzake kwa ukubwa lakini umechelewa nyuma yao kwa zaidi ya nyuzi 60 za pembe. Unapata joto kama wenzake na kuchangia kidogo tu. Ukiukata kwenye masafa hayo, ukinzani wa fungu zima haubadiliki kwa kiasi cha kutajika. Kwenye megahezi 1 mambo huwa ya aibu zaidi, kwa kuwa sehemu ya mkondo wake inarudi kinyume na wenzake, na kuukata kunapunguza upotevu. Nakiri kwamba kwenye megahezi 1 hesabu hii ni ya makadirio, kwani waya wa milimita 0.2 ni mnene mara tatu ya kina cha ngozi na mkondo hausambai sawasawa ndani yake. Hata hivyo, mwelekeo wa jibu haubadiliki. Fundi wangu alikuwa amenunua waya saba na mmoja wao ulikuwa ukimfanyia hasara.

Kinachohitajika ni kila uzi ukae katikati kwa muda, ukae pembeni kwa muda, na ufikapo mwisho wa waya uwe umekaa kila mahali kwa urefu ulio sawa na wa wenzake. Hapo uga unaoukumba uzi mmoja kwa jumla unakuwa sawa na ule unaoukumba mwingine, na hakuna uzi wenye sababu ya kubeba zaidi au pungufu. Enameli basi inapata kazi yake ya kweli, ambayo ni kuulazimisha mkondo ubaki katika uzi wake hata uzi huo unapozama katikati ya fungu. Bila enameli mkondo ungeruka kwenda kwenye uzi jirani uliopo pembeni, na kuhama kote kwa nyuzi kungekuwa kazi bure. Ndiyo maana waya wa kawaida wa nyuzi tupu hausaidii kitu kwenye masafa ya redio.

Usidhani kwamba kusokota tu kunatosha. Ukizisokota zile waya saba, sita za nje zinauzunguka ule wa katikati kama kamba inavyouzunguka mti, na wa katikati unabaki palepale. Msokoto husaidia dhidi ya uga unaotoka nje ya fungu, kwa sababu unageuza nafasi za nyuzi za upande huu na upande ule, lakini umbali wa kila uzi kutoka katikati haubadiliki. Ndiyo maana waya wa litzi uliotengenezwa vizuri husokotwa kwa hatua: nyuzi chache zinasokotwa kuwa kifungu, kisha vifungu vitatu, vinne au vitano vinasokotwa pamoja, kwa kuwa idadi hiyo haiachi kifungu kilichokwama katikati.

Mpaka hapa nimezungumzia waya ulionyooka, ilhali ninyi mnasuka koili. Ndani ya koili, kila mzunguko umelala katika uga wa mizunguko jirani, na uga huo huzalisha mikondo inayojizungusha ndani ya shaba bila kwenda popote, ikila nishati. Hii ndiyo athari ya ukaribu, na mara nyingi ndiyo inayokula zaidi kuliko athari ya ngozi. Waya ukiwa mwembamba kuliko kina cha ngozi, upotevu huu katika uzi mmoja hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo. Gawa shaba ileile katika nyuzi 100, na kila uzi una kipenyo cha sehemu moja ya kumi, upotevu wake ni sehemu moja ya 10,000, na nyuzi zote 100 pamoja hupoteza sehemu moja ya mia ya ule wa mwanzo. Hapa ndipo wembamba wa nyuzi unapolipa, na suala la uso halimo kabisa.

Nilisuka koili mbili za majaribio za kipenyo cha milimita 100, kila moja ikiwa na takriban maikrohenri 240. Ya kwanza ilikuwa na mizunguko 41 ya waya mmoja wa milimita 0.5, karibu mita 13 za waya. Kwa mkondo mnyoofu ina omu 1.1, na athari ya ngozi peke yake ingeifikisha omu 2.5 kwenye megahezi 1. Nilipima Q, yaani upinzani wa koili dhidi ya mkondo unaobadilika ukigawanywa kwa ukinzani wake unaokula nishati, nikapata 190, ambayo ni sawa na ukinzani wa omu 7.9. Tofauti kati ya 2.5 na 7.9 sehemu yake kubwa ni kazi ya mizunguko jirani. Ya pili niliisuka kwa litzi ya nyuzi 165, mizunguko 43, nikapata Q ya 470, yaani omu 3.2, ilhali kwa mkondo mnyoofu ina omu 1.15. Ningependa kusema ni kiasi gani cha hizo omu mbili zilizosalia kimetokana na plastiki ya kiini na kiasi gani na msokoto usio kamili, lakini vipimo viwili tu havitenganishi mambo hayo.

Faida hii ina mwisho. Upotevu wa ukaribu ndani ya uzi hupanda kwa masafa yakipigwa kwa yenyewe, na kapasitansi kati ya nyuzi huanza kuupitisha mkondo kwenye enameli. Kwa nyuzi za milimita 0.04, juu ya megahezi 2 hivi faida huyeyuka haraka, na kwenye megahezi 7, ambako kina cha ngozi ni milimita 0.025, mimi hutumia waya mmoja mnene wenye nafasi kati ya mizunguko, au bomba la shaba.

Na kabla hujalaumu litzi yako, pima ukinzani wake wa mkondo mnyoofu kwa kipimo cha nyaya nne. Koili yangu ya pili nilipoisuka mara ya kwanza ilinipa omu 1.5 badala ya 1.15, maana yake takriban nyuzi 40 hazikushika lehemu kwenye ncha. Nyuzi hizo hazikuwa zikibeba mkondo wowote wenye manufaa, lakini zilikuwa bado ndani ya uga, zikipata joto kama nyingine. Nilikata ncha upya, nikaishikilia kwenye tone la lehemu la nyuzijoto 400 mpaka moshi wa enameli ukakoma, nikapima tena. Omu 1.16.