Mgonjwa mahututi, presha haijatulia: dayalisisi ya kawaida au ile endelevu?

Figo zikisimama ghafla kwa mgonjwa mahututi, uchaguzi huwa kati ya dayalisisi ya kawaida, ambayo humalizika kwa takriban saa 4, na ile endelevu inayozunguka usiku na mchana. Wengi hudhani hii ya pili inasafisha damu zaidi. Hesabu inakataa.

Chukua mgonjwa wa kilo 70 mwenye maambukizi makali. Hatoi mkojo, na presha yake inashikiliwa na dawa ya noradrenalini. Dayalisisi ya kawaida huondoa yurea yote kwenye takriban mililita 200 za damu kila dakika, sawa na lita 48 kwa saa 4. Mashine endelevu ikipangwa mililita 25 kwa kilo kwa saa, husafisha mililita 1,750 kwa saa, kama 29 tu kwa dakika, lakini kwa siku nzima zinafika lita 42. Lita zinakaribiana. Tofauti ni mwendo, na mwendo ndio unaoangusha presha.

Tuangalie maji. Dawa na chakula cha mpirani vinamwingizia lita 2.4 kwa siku, nasi tunataka apungue lita 1, kwa hiyo lazima zitoke lita 3.4. Kwa saa 4 hiyo ni mililita 850 kila saa, yaani 12 kwa kila kilo. Kwa saa 24 ni mililita 142 kila saa, yaani 2 kwa kila kilo. Mashine haivuti maji kwenye miguu iliyovimba. Inayavuta ndani ya mishipa ya damu, kisha yale ya kwenye tishu hurudi polepole kujaza pengo. Maambukizi makali yanapofanya mishipa ivuje na albumini, protini inayoyashikilia maji kwenye damu, ishuke, urudi huo huchelewa zaidi.

Kuna sababu ya pili, ambayo husahaulika. Yurea ikishuka haraka kwenye damu, ndani ya seli bado iko juu, na maji huifuata huko. Mishipa inazidi kukauka, ubongo nao unavimba. Ndiyo maana mwongozo wa mwaka 2012 wa KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya figo, unapendelea njia endelevu kwa mwenye presha isiyotulia, na pia kwa mwenye jeraha jipya la ubongo.

Kosa ninalolionya kila mara ni la kupanga mashine. Mtu anataka mgonjwa apungue mililita 42 kwa saa, basi anaandika 42, akisahau mililita 100 zinazoingia saa hiyo hiyo. Kesho yake mgonjwa ameongezeka zaidi ya lita 1. Jumlisha vinavyoingia kila saa, na ukiongeza dawa ya dripu, badilisha namba.

Kosa jingine ni kuamini kipimo kilichoandikwa. Mashine ikisimama saa 6 kwa sababu chujio limeganda au mgonjwa amepelekwa kupigwa picha, mililita 25 zinakuwa chini ya 19. Agiza hadi 30 ili apate 20 hadi 25 kweli. Kupandisha zaidi hakusaidii: utafiti wa RENAL wa mwaka 2009 ulilinganisha 40 na 25, na vifo havikutofautiana.

Kabla ya kulaumu heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, chujio linapoganda, soma presha za mashine. Ile ya kwenye utando wa chujio ikipanda taratibu, chujio lenyewe linaziba. Presha ya kuvuta damu ikizama ghafla kwenye hasi, tatizo liko kwenye katheta: imepinda, au ncha yake imegusa ukuta wa mshipa. Nyoosha mguu au shingo kwanza.

Upole huo una gharama. Potasiamu ikiwa 7.5 na mapigo ya moyo yamebadilika kwenye kipimo cha umeme wa moyo, mililita 29 kwa dakika ni chache mno. Hapo naona dayalisisi ya kawaida ndiyo ya kuanza nayo, hata kwa kuongeza noradrenalini. Mashine endelevu pia huondoa fosfati na antibiotiki saa zote, na hupoza damu kiasi cha kuficha homa. Pima fosfati kila siku, na dozi za antibiotiki zisibaki zile za mtu ambaye figo zimekufa.

Pasipo na mashine endelevu, ile ya kawaida inaweza kulainishwa. Unganisha mirija yote miwili kwa pamoja ikiwa imejaa maji ya chumvi, bila kuyamwaga, ili damu isipungue ghafla mwanzoni. Weka sodiamu ya maji ya dayalisisi 145 au zaidi kidogo, joto lake nyuzi 35, kisha punguza mtiririko na urefushe muda hadi saa 8. Zile lita 3.4 sasa zinatoka kwa mililita 425 kila saa, 6 kwa kilo, nusu ya kasi ya mwanzo.