Fundi umeme mmoja, kazi tatu: usogeze kazi au tarehe?

Tuchukue jengo la maduka linalokarabatiwa Sinza. Fundi umeme mwenye leseni ni mmoja, na ratiba imempa kazi tatu zinazoanza siku moja. Atavuta nyaya za dari kwa siku 6, kisha wenzake wafunge jipsamu siku 4 na kupaka rangi siku 4. Atafunga bodi kuu ya umeme siku 4, halafu ukaguzi na marekebisho siku 3. Ataunganisha pampu ya maji siku 3, halafu majaribio siku 2. Mwenye jengo ameahidiwa kukabidhiwa jioni ya siku ya 14.

Wasimamizi wengi humwambia aguse kila kazi kidogo kidogo. Akigawa muda wake sawasawa, nyaya za dari zitakamilika siku ya 13 badala ya 6, na rangi itaisha siku ya 21. Hapo sijahesabu hata muda wa kufungasha na kufungua vifaa.

Njia ya kwanza ni kulainisha: kazi husogezwa ndani ya nafasi yake tu, yaani siku inazoweza kusubiri bila kuchelewesha makabidhiano; tarehe ya mwisho haiguswi. Dari ina siku 14 kamili, haina nafasi, kwa hiyo inatangulia. Msururu wa bodi una siku 7, unaweza kusubiri 7; wa pampu una 5, unaweza kusubiri 9. Bodi inaingia siku ya 7 hadi ya 10. Pampu nayo haiwezi kuvuka siku ya 10 kuanza, na siku hiyo fundi bado yuko kwenye bodi. Mgongano wa siku nne umebaki wa siku moja, na kulainisha kumeishia hapo.

Njia ya pili ni kusawazisha: fundi hawi sehemu mbili hata siku moja, tarehe isogee ikibidi. Pampu inaanza siku ya 11, majaribio yanaisha siku ya 15. Kwa hiyo swali halisi la msimamizi ni dogo: kumlipa fundi wa pili mwenye leseni kwa siku moja, au kumwomba mwenye jengo siku moja? Mimi ningeuliza bei ya fundi kwanza.

Kwenye Microsoft Project, tofauti ya njia hizi ni kisanduku cha "Level only within available slack". Ukikiweka alama unalainisha, ukikiacha wazi unasawazisha.

Baada ya kusawazisha, programu itaonyesha dari ina nafasi ya siku 1 na bodi siku 2. Usiziamini. Fundi akiugua siku moja akiwa darini, bodi inasogea, pampu inasogea, na makabidhiano yanakuwa siku ya 16. Kinachoamua tarehe sasa ni foleni ya fundi: 6, 4, 3, kisha majaribio 2. Unganisha kazi hizo kwa mfuatano huo kwenye ratiba, na nafasi hizo za uongo zitatoweka.