Barua ya kampuni inaposomwa kwenye mazishi

*Je, kwa nini barua ya rambirambi kutoka kazini husikika kana kwamba inamhusu mtu mwingine, na iandikwe vipi ili familia imtambue mtu wao?*

Nyingi huwa zimeandikwa kabla mtu hajafa. Kwenye kompyuta ya ofisi ya wafanyakazi kuna barua ya msiba uliopita. Karani anafuta jina na tarehe, anaweka mpya. Yanayobaki ni maneno ya kumfaa marehemu yeyote: tumepokea kwa mshtuko, alikuwa mchapakazi, ameacha pengo lisilozibika. Mara nyingine hubaki kitu kibaya zaidi. Kiswahili hakitofautishi mume na mke katika "yeye", kwa hiyo kosa hujificha hadi mstari wa nne, pale "kaka yetu" anapotajwa mbele ya jeneza la mwanamke.

Huku Kisumu, Siaya na Kakamega barua hiyo haisomwi kimyakimya. Marehemu huzikwa nyumbani kijijini, na mwakilishi wa kampuni hupewa kipaza sauti chini ya hema. Mara nyingi kando yake husimama mtu wa kutafsiri kwa Kijaluo au Kiluhya, sentensi kwa sentensi. Sentensi ya mistari mitatu humshinda, naye hukata shauri: "Wanasema poleni." Basi andika sentensi fupi. Maneno 150 yanatosha. Pamoja na tafsiri ni kama dakika tatu.

Kazi yenyewe huanza kabla ya kuandika. Tumia robo saa na watu wawili waliokuwa zamu moja na marehemu. Usiwaulize alikuwa mtu wa namna gani, maana watajibu "mpole, mchapakazi" na utarudi pale pale. Uliza: wiki hii ni jambo gani limekwama kwa kuwa hayupo?

Tuchukue mfano wa karani wa mizani katika kiwanda cha sukari. Ukiuliza hivyo, wenzake watakwambia dirishani kumekuwa na ubishi. Yeye alikuwa na desturi ya kumwita mkulima asome namba kwenye skrini mwenyewe, trekta likiwa na miwa na tena likiwa tupu, ndipo achapishe tiketi. Hapo barua imepatikana:

> Mama, pole sana kwa kuondokewa na mwanao. Alifanya kazi kwenye mizani yetu miaka 11. Alimwita kila mkulima dirishani asome uzito mwenyewe kabla ya tiketi kuchapishwa. Wiki hii wakulima wamekuwa wakifika pale na kumuulizia. Kijana anayekaa kwenye kiti chake sasa alifundishwa naye.

Hakuna sifa hata moja hapo, lakini mkulima aliyekaa nyuma ya hema atatikisa kichwa kwa sababu na yeye aliitwa dirishani. Miaka ya kazi ihakikishwe kwenye faili, na jina liandikwe kama familia inavyoliandika, king'ong'o cha Ng' kikiwemo. Ugonjwa usitajwe, hata kama ofisi nzima inaujua.

Anwani ndiyo yenye hatari. Palipo na nyumba mbili, kumwandikia mke mmoja kwa jina ni kuingilia ugomvi, na barua hiyo inaweza kuonyeshwa baadaye kwenye kesi ya mirathi. Muulize mzee wa familia au mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Wakiwa hawajakubaliana, mwandikie mama mzazi au "familia ya" marehemu.

Fedha nazo zisisomwe kwenye kipaza sauti. Kwa Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, mshahara na haki nyingine alizokuwa anadai marehemu hulipwa mwakilishi wake wa kisheria, ndani ya siku 30 tangu alete uthibitisho kwamba ana mamlaka hayo. Si kila anayelia mbele ya jeneza ana karatasi hizo. Hayo yaingie katika barua ya pili, itakayotaja karatasi zinazotakiwa, na ikabidhiwe kwa faragha baada ya mazishi.

Ahadi ya "tutasimama nanyi daima" ifutwe pia. Mwezi ujao mjane atafika getini na askari hatamjua. Badala yake andika jina la mtu mmoja, simu yake, na kwamba getini wameshaelezwa. Kisha waelezwe kweli.

Barua itiwe sahihi kwa kalamu na msimamizi aliyefanya naye kazi, hata kama mkurugenzi naye ataweka yake chini. Chapisha nakala mbili: moja ya msomaji, ambayo itakunjwakunjwa na kulowa jasho, na nyingine safi ndani ya bahasha, akabidhiwe mama mkononi kabla wageni wa kampuni hawajapanda gari.