Derivativi ikiwa sifuri, lazima pawe na kilele au bonde? Maswali ya x³ kutoka Moshi

Wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wanaokuja kwangu Jumamosi kwa masomo ya ziada, hapa Moshi mjini, huwa na jibu moja tayari mdomoni: tafuta derivativi, iweke sawa na sifuri, umepata kilele au bonde. Kwa x² jibu hilo ni sahihi, na kwa maswali mengi ya mazoezi linapita bila kugunduliwa, ndiyo maana halitoki vinywani. Linakwama kwenye x³. Hapa chini ni maswali wanayoniuliza kila mwaka, pamoja na majibu yake. Ninaposema derivativi nina maana ya mwinuko wa grafu kwenye nukta moja: ikiwa chanya grafu inapanda ukielekea kulia, ikiwa hasi inashuka, ikiwa sifuri tanjenti imelala.

Dhana: "f′(x) = 0 maana yake hapo ni kilele au bonde."

"Mwalimu," aliniuliza binti mmoja wa Majengo, "x³ derivativi yake ni 3x². Nikiiweka sawa na sifuri napata x = 0, nukta moja tu. Sasa niandike kilele au niandike bonde?"

Usiandike lolote kati ya hayo mawili. Rudi kwanza kwenye maana ya neno. Nukta ni kilele ikiwa majirani zake wa karibu, wa kushoto na wa kulia, hawaizidi. Sharti hilo ni la majirani wa karibu tu: Mawenzi, mita 5,149, ni kilele halali ingawa Kibo, mita 5,895, imeipita kwa mbali. Bonde ni kinyume chake. Sasa waangalie majirani wa sifuri kwenye x³. Ukiweka x = −0.1 unapata −0.001, ukiweka x = 0.1 unapata 0.001, na pale katikati thamani ni 0. Jirani wa kushoto yuko chini, wa kulia yuko juu. Sogea karibu zaidi kadiri utakavyo, hali ni ileile, kwa sababu namba hasi ikipandishwa kipeo cha tatu inabaki hasi. Kwa hiyo pale sifuri si kilele wala si bonde. Grafu imefika ikipanda na imeondoka ikipanda.

Kosa lenyewe ni la kugeuza sentensi. Kanuni inayobeba jina la Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, inasema hivi: ikiwa nukta iko ndani ya eneo la fanksheni, na ni kilele au bonde, na derivativi ipo hapo, basi derivativi hiyo ni sifuri. Haisemi kwamba kila penye sifuri pana kilele au bonde. Kutatua f′(x) = 0 kunakupa orodha ya watuhumiwa tu, na kila mmoja bado anatakiwa kuhojiwa.

Swali la nyongeza: "Kama grafu haigeuki, hiyo sifuri imetoka wapi?"

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na anayeliuliza ni nadra kukosea tena. Tuitafute derivativi pale sifuri kwa njia ya msingi, bila fomula. Chukua hatua ndogo h kutoka sifuri, tazama grafu imepanda kiasi gani, kisha gawa kwa h. Kwa x² unapata h² ÷ h, yaani h yenyewe. Kwa x³ unapata h³ ÷ h, yaani h².

Sasa linganisha. Kwenye x², ukichukua hatua ya kushoto, h = −0.1, mwinuko ni −0.1. Ya kulia, h = 0.1, mwinuko ni 0.1. Hatua zikifupishwa, mwinuko unaifikia sifuri kutoka upande wa hasi na kutoka upande wa chanya. Unaivuka sifuri, na kuvuka huko ndiko kugeuka kwa grafu. Kwenye x³, hatua ya kushoto inatoa 0.01 na ya kulia inatoa 0.01 hiyohiyo. Zote chanya. Mwinuko unashuka hadi unaigusa sifuri, kisha unarudi juu ulikotoka. Umeigusa bila kuivuka, kwa hiyo grafu haikupata hata kipande kidogo cha kushukia.

Anayetaka kuona zaidi aisumbue kidogo fanksheni hii. Ongeza 0.03x, iwe x³ + 0.03x: derivativi ni 3x² + 0.03, haifiki sifuri kamwe. Sasa punguza badala ya kuongeza, iwe x³ − 0.03x: derivativi ni 3x² − 0.03, ambayo ni sifuri mara mbili, kwenye x = −0.1 na x = 0.1. Pale −0.1 pana kilele cha 0.002 na pale 0.1 pana bonde la −0.002, vyote halisi kabisa. Punguza ile 0.03 polepole kuelekea sifuri, kilele na bonde vinasogeleana, na vinapokutana vinamezana. Nukta ya x = 0 kwenye x³ ndipo hasa vinapokutania.

Dhana: "Grafu yenyewe inaonyesha sehemu iliyo bapa, kwa hiyo imesimama."

Kijana wa Pasua alinionyesha daftari lake la grafu kama ushahidi, na kweli, mchoro wake ulikuwa na kipande kilicholala kabisa katikati. Alikuwa ametumia sentimita 2 kwa kila moja kwenye mihimili yote miwili. Tupige hesabu. Pale x = 0.2, yaani milimita 4 kutoka katikati, thamani ni 0.008, ambayo kwa kipimo chake ni milimita 0.16. Mstari wa penseli yake ni mnene kuliko hapo. Kupanda kupo, ila kumefunikwa na penseli.

Kwa hesabu tunaweza kuthibitisha kwamba hakuna kusimama hata kidogo. Chukua namba mbili zozote, a ndogo na b kubwa. Tofauti b³ − a³ ni sawa na (b − a)(a² + ab + b²). Mabano ya kwanza ni chanya. Ya pili unaweza kuyaandika (a + b/2)² + 3b²/4, jumla ya vitu viwili visivyoweza kuwa hasi, na haiwi sifuri isipokuwa a na b zote ni sifuri. Zikiwa namba mbili tofauti haiwezekani. Basi b³ daima ni kubwa kuliko a³. Hapo inaanguka pia ile imani kwamba fanksheni inayopanda bila kusita ni lazima iwe na derivativi chanya kila mahali. x³ inapanda mwanzo hadi mwisho, na bado ina sifuri moja njiani.

Dhana: "Basi nipime kwa derivativi ya pili; nayo ikiwa sifuri, ni kama x³."

Nusu ya kwanza ni sawa. Derivativi ya pili ikiwa chanya pale ambapo ya kwanza ni sifuri, ni bonde. Ikiwa hasi, ni kilele. Nusu ya pili ndiyo mtego. Derivativi ya pili ya x³ ni 6x, pale sifuri ni 0. Derivativi ya pili ya x⁴ ni 12x², nayo pale sifuri ni 0, lakini x⁴ ina bonde hapo bila ubishi. Na −x⁴ ina kilele. Kwa hiyo derivativi ya pili ikitoa sifuri, kipimo hicho kimenyamaza, hakijasema kitu. Rudi kwenye alama za derivativi ya kwanza, kushoto na kulia.

Tufanye swali moja hadi mwisho: f(x) = x⁴ − 4x³. Derivativi ni 4x³ − 12x², na ukitoa vigawo inakuwa 4x²(x − 3). Sifuri ziko x = 0 na x = 3.

Pale 0: kwa x = −1 derivativi ni −16, kwa x = 1 ni −8. Hasi, kisha hasi tena. Grafu inashuka, inalala kwa nukta moja, inaendelea kushuka. Si kilele wala si bonde. Pale 3: kwa x = 2 ni −16, kwa x = 4 ni 64. Hasi kisha chanya, ni bonde, na thamani yake ni 81 − 108 = −27. Ukiwa na jicho zuri unaliona jibu hata kabla ya kuweka namba: x² ina kipeo shufwa, haiwezi kubadili alama, wakati (x − 3) ina kipeo witiri, lazima ibadili.

Hapa wengi wanateleza kwenye kuchagua namba za kupimia. Mmoja alipima sifuri kwa kutumia −1 na 5. Pale 5 derivativi ni 200, chanya, akaandika kwamba x = 0 ni bonde. Alikuwa ameiruka ile 3 na kuisoma alama ya upande wake wa pili. Namba ya kupimia isiruke sifuri nyingine ya derivativi, wala mahali ambapo derivativi haipo. Kulia kwa 0 alipaswa kubaki kati ya 0 na 3.

Dhana: "Pasipo derivativi sifuri, hapawezi kuwa na thamani kubwa kabisa."

Hili ni fupi. Swali likisema utafute thamani kubwa kabisa ya x³ kuanzia x = −1 hadi x = 2, jibu ni 8, pale x = 2, ambapo derivativi ni 12. Ndogo kabisa ni −1, pale x = −1, ambapo derivativi ni 3. Sifuri pekee ya derivativi iko x = 0, na pale thamani ni 0, ambayo si kubwa wala si ndogo kuliko zote. Kanuni ya Fermat haikuvunjika, maana inazungumzia nukta za ndani na hizi mbili ziko mipakani. Ndiyo sababu kwenye maswali ya namna hii unapima ncha mbili za eneo pamoja na watuhumiwa wa ndani, na mwanafunzi aliyeishia kwenye 3x² = 0 hataziona kabisa.